Mizani ya Nyama na Mashine za Malipo

Wiki ya Krismasi ya mwaka 2013, kampuni ya Target, yenye maduka takribani 1,800 nchini Marekani, iliwaita wataalamu wa Verizon waje kuupekua mtandao wake. Wizi ulikuwa umekwisha kutokea. Sasa ilitakiwa kujulikana mianya iko wapi. Wataalamu walianzia ndani, kama mdukuzi aliyekwisha kuuvuka mlango. Ripoti yao ilikuwa ya siri, lakini mwandishi wa habari za usalama wa kompyuta, Brian Krebs, aliipata na kuiandika mwaka 2015. Humo kuna jambo moja linalosimuliwa hadi leo na mafundi wa mitandao: wataalamu hao waliiteka mizani ya kupimia nyama katika duka moja, na kupitia mizani hiyo wakaweza kuwasiliana moja kwa moja na mashine za malipo zilizokuwa katika duka jingine kabisa.

Mizani ya nyama ina shughuli gani na mashine ya malipo ya duka la mbali? Haina. Lakini ilikuwa na anwani ya ndani ya kampuni, na huko ndani hakukuwa na wa kuiuliza inakwenda wapi.

Wezi wenyewe waliingilia kwa fundi wa majokofu. Fazio Mechanical Services, kampuni ya Pennsylvania inayoshughulika na majokofu na viyoyozi, ilipewa akaunti kwenye mifumo ya Target ili itume ankara na mikataba na kufuatilia miradi. Kwa maelezo ya Krebs, mfanyakazi mmoja wa Fazio alitumiwa barua pepe yenye programu hasidi, na nenosiri likaibwa. Akaunti ile ilikuwa ya karatasi tu. Haikuwa na kazi yoyote kwenye fedha za wateja. Hata hivyo, aliyeingia nayo alijikuta yumo ndani, na kutoka hapo safari ikaishia kwenye mashine za malipo. Humo ikapandikizwa programu inayosoma taarifa za kadi ndani ya kumbukumbu ya mashine, katika ile nukta fupi ambayo kadi imekwisha kupitishwa na taarifa zake hazijafumbwa kwa siri.

Kati ya Novemba 27 na Desemba 15 zilichukuliwa taarifa za kadi zipatazo milioni 40, pamoja na majina, simu na anwani za wateja wapatao milioni 70. Mtambo wa kunusa programu hasidi ulipiga kengele. Haikushughulikiwa kwa wakati. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu Mei 2014, na mwaka 2017 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 18.5 kumaliza madai ya majimbo 47 na jiji la Washington. Kinachokera zaidi ni kwamba Septemba 2013, miezi miwili tu kabla ya wizi, Target ilikuwa imethibitishwa kuwa inatimiza kanuni za usalama wa malipo ya kadi.

Ni rahisi kumlaumu fundi wa majokofu kwa kufungua barua asiyoijua. Lakini barua za namna hiyo hufunguliwa kila siku, na zitaendelea kufunguliwa. Swali lenye maana ni kwa nini nenosiri la kutumia ankara lilifaa kitu kupita ukurasa wa ankara.

Jibu lake limo katika mazoea yaliyokaa karibu kila ofisi yenye kompyuta zaidi ya moja. Mtandao hugawanywa pande mbili, nje na ndani. Katikati huwekwa fayawoli, kifaa kinachochuja kinachoingia na kinachotoka. Nje ni intaneti, na kila kitokacho huko kinashukiwa. Ndani ni kwetu. Kompyuta ya ndani ikigonga mlango wa seva ya ndani, seva huitazama anwani yake ya IP, huona ni ya nyumbani, na hufungua. Ni kama mtaa wenye geti na mlinzi, halafu wakazi wote wakaacha milango ya nyumba zao wazi kwa sababu mlinzi yupo.

Anwani hizo za ndani zina historia inayofaa kujulikana, maana ndiyo inayoonyesha kosa lilipoanzia. Mpango wa anwani unaotumika zaidi hadi leo una nafasi zipatazo bilioni 4.3 tu, na mapema miaka ya 1990 ilikwisha kuonekana kwamba hazitatosha dunia nzima. Februari 1996 ukatolewa mwongozo uitwao RFC 1918, uliotenga mafungu matatu ya anwani ambayo ofisi yoyote inaweza kuyatumia ndani kwake bila kumwomba mtu: zinazoanza na 10, zinazoanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Anwani hizo hazipitishwi kwenye intaneti, kwa hiyo kila mtu anaweza kuzirudia. Anwani 192.168.1.10 ipo Kariakoo, ipo Mombasa, ipo Muscat, na huenda ipo sebuleni kwa msomaji huyu.

Lengo, basi, lilikuwa kubana matumizi ya anwani. Hakuna aliyezitenga ziwe vitambulisho. Lakini kwa kuwa haziwezi kufikiwa moja kwa moja kutoka nje, watu walianza kuzichukulia kama ushahidi: mwenye anwani ya 192.168 lazima ni mwenzetu.

Tazama jinsi anwani hiyo inavyopatikana. Mgeni anaingia chumba cha mikutano, anachomoa waya wa televisheni ukutani na kuuchomeka kwenye laptopu yake. Laptopu inapaza sauti mtandaoni kuomba anwani. Ruta, au seva iliyopewa kazi hiyo, inajibu kwa sekunde chache: chukua 192.168.1.57, tumia kwa saa kadhaa. Haijamuuliza jina, haijauliza laptopu ni ya nani wala kama ina virusi. Tangu hapo, kwa seva ya mishahara iliyo ghorofa ya juu, mgeni huyo na mhasibu mkuu wanafanana. Na si lazima awe mgeni mwenye nia mbaya. Kamera ya ulinzi iliyonunuliwa kwa bei poa na kuachwa na nenosiri la kiwandani nayo ina anwani ya ndani. Printa inayo. Laptopu ya mfanyakazi mwaminifu, ambayo mtoto aliiwekea mchezo wa bure wikiendi, inayo pia.

Wanaotunza seva za tovuti watayatambua mazoea haya katika mistari michache ya mipangilio. Seva ya nginx, inayotumika sana, inaweza kuandikiwa hivi kwa ajili ya ukurasa wa mishahara:

```
location /mishahara/ {
    satisfy any;
    allow 192.168.0.0/16;
    deny all;
    auth_basic "Ingia";
    auth_basic_user_file /etc/nginx/nywila;
}
```

Kwa haraka unaonekana ulinzi wa kutosha. Kuna orodha ya manenosiri, kuna kukataza, kuna kuruhusu. Tatizo limejificha kwenye neno `any`. Linaiambia seva kwamba sharti lolote moja likitimia linatosha: ama mtu atoe nenosiri, ama awe na anwani ya ndani. Kwa hiyo aliye nje anaulizwa nenosiri, na aliye ndani haulizwi kitu. Anwani zilizoruhusiwa hapo ni 65,536, na hakuna hata moja inayojulikana ni ya nani. Likiandikwa `all` badala yake, seva itadai yote mawili, anwani ya ndani na nenosiri. Kwa nini fundi aliandika `any`? Karibu kila mara ni kwa sababu wafanyakazi walilalamika kusumbuliwa na nenosiri wakiwa ofisini, na bosi alikuwa wa kwanza kulalamika.

Wazo la kuachana na mazoea haya liliitwa imani sifuri na John Kindervag, mchambuzi wa kampuni ya utafiti ya Forrester, mwaka 2010. Jina hilo lina ukali uliozidi kidogo, maana hakuna mfumo unaofanya kazi bila kumwamini yeyote. Maana yake ni nyepesi zaidi: mahali ulipo mtandaoni pasikupe haki yoyote. Kila ombi, litoke ghorofa ya tano au hoteli ya Dubai, litazamwe kwa mambo mawili: nani anaomba, na anaomba kwa kifaa gani. Agosti 2020, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wake namba 800-207 wenye msimamo huohuo.

Lakini aliyeonyesha kwamba jambo hili linafanyika, tena katika kampuni kubwa, ni Google. Januari 2010 ilitangaza kwamba mwishoni mwa 2009 ilishambuliwa na wadukuzi kutoka China, ikaibiwa baadhi ya mali zake za ubunifu, na kwamba kampuni nyingine zisizopungua ishirini zililengwa pia. Uamuzi wa Google haukuwa kuongeza urefu wa ukuta. Iliamua kuufanya mtandao wa ofisi zake usiwe na maana yoyote kiusalama, na kazi hiyo ikaitwa BeyondCorp. Desemba 2014, wafanyakazi wake Rory Ward na Betsy Beyer walichapisha makala iliyoeleza namna walivyoifanya, na makala hiyo inasomeka vizuri hata leo.

Ilianza na daftari. Kila kompyuta iliyonunuliwa na kampuni iliingizwa kwenye hazina moja ya kumbukumbu, ikapewa cheti cha kidijiti ambacho ni chake peke yake na kinachotunzwa mahali pagumu kunakilika. Kwa upande wa watu, orodha ya watumiaji iliunganishwa na idara ya rasilimali watu, hivyo mtu akiajiriwa, akihamishwa kazi au akiondoka, ruhusa zake zinabadilika bila kumsubiri fundi akumbuke. Kisha programu zote za kazi zikawekwa nyuma ya mlango mmoja, yaani proksi inayopokea kila ombi na kuliamua.

Mfano uliotolewa ni wa mhandisi aliye uwanja wa ndege. Anawasha laptopu, anaunganisha wai-fai ya bure ya pale, hawashi VPN. Anafungua ukurasa wa kukagulia programu za kampuni. Ombi linafika kwenye proksi, na laptopu inaonyesha cheti chake. Proksi inajua sasa ni kifaa gani, lakini haijui ni nani anayekitumia, kwa hiyo inampeleka mhandisi kwenye ukurasa wa kujitambulisha. Anatoa nenosiri, anathibitisha kwa njia ya pili, anapewa tokeni. Anarudi kwenye proksi akiwa na vitu viwili: cheti cha kifaa na tokeni ya mtu. Hapo ndipo maswali yanaulizwa. Yumo katika kundi la wahandisi? Kifaa kimo katika daftari? Kimesasishwa, au kimeachwa bila viraka vya usalama hata kikashushwa daraja? Yote yakiwa sawa, ukurasa unafunguka, na maswali hayo yanarudiwa kila anapoomba kitu kingine.

Akiwa ofisini mambo ni yaleyale. Mtandao wa ndani ya majengo ya Google ulifanywa ufanane na intaneti ya nje: unampa mtu njia ya kufika kwenye proksi na huduma chache za msingi, na si zaidi. Anayekaa kwenye kiti chake cha kazi na anayekaa kwenye mkahawa wanapita mlango mmoja.

Turudishe mpangilio huu kwa fundi wa majokofu. Nenosiri lake limeibwa, sawa. Mwizi anajaribu kulitumia kwa kompyuta yake mwenyewe, ambayo haina cheti na haimo kwenye daftari, anakwama hapo. Tuseme ni mjanja zaidi, anaitumia kompyuta ya fundi ileile iliyosajiliwa. Atafika kwenye ukurasa wa ankara, kwa kuwa ndio pekee kundi lake limeruhusiwa. Ataharibu ankara. Mashine za malipo hatazifikia, kwa sababu kuwa kwenye ukurasa wa ankara hakumweki popote karibu nazo.

Google haikuhama kwa siku moja, na sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi wanaoiga. Kwanza walisikiliza: programu ndogo iliwekwa kwenye kompyuta za wafanyakazi ikiandika ni mawasiliano gani yangekatika kama mtu angehamishiwa mtandao mpya, bila kukata chochote. Kwa namna hiyo waligundua mifumo ya zamani iliyokuwa ikizungumza kichinichini bila mtu kukumbuka. Aliyeonekana hana tatizo kwa siku 30 aliweza kuhamishwa. Waliobaki walishughulikiwa kundi kwa kundi. Makala ya baadaye ya kampuni hiyo ilikiri kwamba kichwa kikubwa cha maumivu kilikuwa daftari lenyewe: namba ya kifaa ikiandikwa vibaya, mfanyakazi halali anafungiwa nje.

Kuna udhaifu mwingine ambao wauzaji wa vifaa vya usalama hawapendi kuutaja. Printa na kamera za zamani haziwezi kubeba cheti wala kujitambulisha; hizo inabidi zitengwe kwenye kipande chao cha mtandao kisichofika popote. Tokeni nayo huibiwa: programu hasidi iliyo ndani ya laptopu iliyosajiliwa inaweza kuichukua tokeni iliyo hai na kuitumia hapohapo, na ndiyo sababu tokeni hupewa umri mfupi. Na proksi inayolinda kila kitu inakuwa shabaha ya kila mtu. Mwenye kuuza kisanduku na kukiita imani sifuri anauza sehemu ndogo ya kazi.

Mtu anaweza kusema kwamba ofisi yake haina mtandao wa ndani siku hizi, kila kitu kipo kwenye wingu. Mazoea yale yalihamia huko pia. Julai 2019 benki ya Capital One ilitangaza kwamba taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zilichukuliwa kutoka kwenye hifadhi zake zilizo katika wingu la Amazon. Mdukuzi hakuhitaji kuingia ndani. Alikuta fayawoli iliyopangwa vibaya, akaifanya imtumie ombi kwa niaba yake kwenda anwani 169.254.169.254. Hiyo ni anwani ambayo seva za wingu hilo huuliza zinapotaka funguo zao za muda, na kutoka intaneti haifikiki. Lakini ombi lilitoka kwa seva ya ndani, kwa hiyo lilijibiwa, na funguo zikatoka. Novemba mwaka huohuo Amazon ilileta toleo jipya la huduma hiyo, ambalo hudai seva iombe tokeni kwanza kabla ya kujibiwa chochote.

VPN inastahili kutajwa kwa ufupi, maana ofisi nyingi hudhani imewamalizia kazi. VPN ya kawaida humchukua aliye nyumbani na kumpa anwani ya ndani. Kama ndani kila mlango uko wazi, imempa vyote. Wadukuzi waliosababisha bomba kubwa la mafuta la Colonial Pipeline kusimamishwa huko Marekani Mei 2021 waliingilia akaunti ya VPN ya zamani, isiyotumika tena, iliyolindwa kwa nenosiri peke yake.

Ofisi yenye watu ishirini haihitaji kujenga alichojenga Google. Inahitaji kuanza na mfumo mmoja ambao ukivuja itaumia, mara nyingi ni mishahara au rekodi za wateja, na kuhakikisha kwamba mfumo huo unamuuliza kila mtu yeye ni nani, kwa nenosiri na uthibitisho wa pili, hata awe amekaa hatua tatu kutoka kwenye seva. Baada ya hapo wageni na kamera wahamishiwe mtandao wao. Akaunti za mafundi wa nje zipewe ukurasa wanaouhitaji tu, na zifungwe mkataba ukiisha.

Na kabla ya kununua chochote, kuna jaribio lisilo na gharama. Mwombe msimamizi wa mifumo achukue laptopu isiyo ya ofisi, aichomeke kwenye tundu la mtandao la chumba cha mikutano, na aandike anwani ya mfumo wa mishahara. Ukurasa ukifunguka bila kumuuliza jina, kazi ianzie hapo, wiki hii.